Mbona vidonge vya mume wangu vinapunguzwa kila siku?

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mke wa mvuvi wa dagaa, tunakaa Kibirizi hapa Kigoma. Baba watoto ana mwaka wa 12 kwenye gongo, na siku hizi akiamka lazima azimue ndipo mikono itulie. Mwaka jana alijaribu kuacha mwenyewe, akatetemeka siku mbili, akarudia. Safari hii aliapa. Glasi ya mwisho ilikuwa Jumamosi saa moja jioni. Usiku wa kuamkia Jumatatu, kama saa saba, alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Tukamkimbiza hospitali. Alichomwa sindano ya mshipa, akalazwa, na tangu hapo anapewa diazepamu, vidonge viwili viwili vya miligramu 5. Jumatatu alipewa mara nne, Jumanne mara tatu, leo Jumatano mara mbili tu, na kesho nimeambiwa ni mara moja. Shemeji anasema wanatubania dawa. Amenunua zake mtaani, anataka nimwongezee usiku kwa siri. Mama mkwe naye anasema hizo ni dawa za kulevya, mwanawe anatolewa kwenye pombe anaingizwa kwenye vidonge, bora aziache zote leo. Nimsikilize nani? Na ziwani atarudi lini? Mwenye mtumbwi ameshaanza kuuliza.*

*Mke wa mvuvi, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma mengine, shika hili: vidonge vya shemeji visiingie wodini, na vya wodini visikatwe leo. Shemeji ameona dozi inapungua akadhani mgonjwa ananyimwa. Mama mkwe ameogopa uraibu, na hofu yake si ya kipuuzi. Lakini wote wawili wanahesabu vidonge vinavyoingia mdomoni, wakati wauguzi wanahesabu kitu kingine kabisa, nacho ni dawa iliyobaki mwilini. Nitakuonyesha hesabu yenyewe, ila kwanza uelewe kwa nini aliangushwa na kuacha pombe, wala si na pombe yenyewe.

Umewahi kuona watu wakivuta kamba. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, inaitwa gaba, na nyingine ya kuamsha, inaitwa glutamati. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuikandamiza ya pili, yaani huvuta kamba kuelekea usingizi. Mtu akinywa siku moja moja, kesho yake kamba imerudi katikati. Anayekunywa kila siku kwa miaka 12, ubongo wake haukubali kuburutwa tu. Unakaza upande wa pili: unapunguza usikivu wake kwa gaba, unaongeza milango ya glutamati, unavuta kuelekea kuamka kwa nguvu ileile ambayo pombe inavuta kuelekea kulala. Ndiyo maana mumeo aliweza kunywa kiasi ambacho kingemlaza jirani, naye akasimama akaenda ziwani. Alikuwa hajalewa kwa sababu kamba ilikuwa imekazwa pande zote mbili.

Jumamosi saa moja jioni pombe iliachia kamba. Ubongo haukuarifiwa, ukaendelea kuvuta vilevile, na mvutaji aliyeachiwa ghafla huanguka chali. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho ndipo kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio vinapoanza. Vijana huiita arosto. Degedege za kuacha pombe nyingi hutokea kati ya saa 6 na saa 48. Ya mumeo ilikuja saa 30 baada ya glasi ya mwisho, katikati kabisa ya muda huo. Ukisikia watu wanasema jini au kifafa cha ukoo, hiyo hesabu ya saa inatosha kuwajibu, ingawa daktari bado anapaswa kutafuta sababu nyingine, nami nitaifikia.

Baada ya degedege kuna hatari kubwa zaidi, nayo huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne: kuweweseka. Mgonjwa hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anapigana na watu wasiokuwepo, anatokwa jasho, joto linapanda, presha na mapigo vinapaa. Kabla ya dawa za leo, wengi waliofika hapo walikufa, hata mtu mmoja kati ya watatu. Wakitibiwa vizuri ni wachache sana. Unaponiandikia Jumatano, mumeo yuko ndani ya dirisha hilo. Kwa hiyo usipime kupona kwa kuona tu mikono imetulia. Imetulia kwa sababu dawa imeshika kamba.

Diazepamu inashikaje? Inakaa kwenye kipokezi kilekile cha gaba ambacho pombe ilikuwa inakichezea, lakini mahali pengine pa kipokezi hicho. Haifungui mlango yenyewe. Inaisaidia gaba ya mgonjwa mwenyewe kuufungua mara nyingi zaidi. Ubongo unaona upande wa utulivu kuna mtu tena, hauanguki. Kisha mtu huyo analegeza kamba taratibu, siku hadi siku, na ubongo nao unalegeza upande wake. Hakuna anayeweza kuuharakisha. Kilichojengwa kwa miaka hakibomolewi kwa usiku mmoja, ila uzuri ni kwamba kazi kubwa ya kurudisha kamba katikati huwa imefanyika ndani ya wiki moja hivi.

Wengine huniuliza kwa nini asipunguziwe gongo lenyewe, glasi kwa glasi. Kuzimua asubuhi kulikuwa kunafanya hivyohivyo, sivyo? Kulikuwa, na ndiyo maana mikono ilitulia. Lakini gongo la leo si la jana, hakuna ajuaye nguvu ya chupa ile, na pombe huondoka mwilini kwa saa chache tu. Mtu anapanda na kushuka mara tano kwa siku, na usiku ukiwa mrefu anashuka zaidi ya anavyohimili. Diazepamu huondoka kwa siku, na ini linapoivunja, hutoa kitu kingine ambacho nacho hufanya kazi ya dawa na hukaa muda mrefu kuliko dawa yenyewe. Kuchelewa kutoka huko ndiko tunakokutaka, na ndiko kunakoleta ile hesabu ambayo shemeji hakuiona.

Chukua ndoo yenye tundu dogo. Kila siku inavuja sehemu tatu kati ya kumi za maji yaliyomo, zinabaki saba. Diazepamu kwa mtu mzima mwenye ini zuri huvuja karibu hivyo. Kwa wengine haraka zaidi, kwa wengine polepole zaidi, na mimi hapa natumia makadirio ili uone umbo la jambo. Sindano ya usiku ule sijaihesabu, wala kile kinachotokana na ini.

Jumatatu aliingiziwa miligramu 40: vidonge viwili mara nne. Kufika Jumanne imebaki 28, akaongezewa 30, ndani sasa kuna 58. Jumatano imebaki kama 41 kutoka ile 58, akaongezewa 20, jumla 61. Umeona? Vidonge vimepungua kutoka vinane hadi vinne, lakini dawa iliyo mwilini leo ni nyingi kuliko ya Jumatatu kwa nusu nzima na zaidi. Siku ambayo shemeji analalamika ananyimwa ndiyo siku aliyo nayo nyingi kuliko zote, tena ndiyo siku ya hatari ya kuweweseka. Haikutokea kwa bahati. Kesho Alhamisi imebaki 43, anaongezewa 10, inakuwa 53. Ijumaa, kwa kawaida kidonge kimoja cha 5 usiku, na ndani kuna kama 42. Baada ya hapo hapewi kitu, ndoo inavuja yenyewe: Jumamosi 29, Jumapili 21, Jumatatu 15. Vidonge vimekatika Ijumaa, ila mwili haukuachwa ghafla. Unateremka ngazi kwa ngazi hadi wiki nyingine.

Sasa fanya hesabu ya shemeji, asipunguziwe, apewe 40 kila siku. Jumanne 68, Jumatano 88, Alhamisi 102, Ijumaa 111. Ijumaa ana karibu mara tatu ya Jumatatu, wakati huohuo ubongo wake umeshalegeza upande wa kuamka na hauhitaji tena hata ile ya kwanza. Kamba sasa inavutwa na upande mmoja tu. Mtu wa namna hiyo hulala mchana kutwa, ulimi mzito, akisimama anayumba kama mlevi. Akitapika hawezi kugeuka, matapishi yanaingia kwenye mapafu, na nimonia inamwua mtu ambaye pombe ilishindwa kumwua. Tena wodini hujui analala kwa dawa au kwa damu iliyovuja kichwani alipoanguka.

Na hesabu ya mama mkwe? Kukata zote leo Jumatano, ndoo ikiwa na 61, si mbaya kama kukata Jumatatu, kwa sababu dawa iliyojikusanya ingemteremsha kidogo. Kwa haki yake, hata kuna hospitali zinazotumia njia ya kujaza ndoo siku ya kwanza kwa dozi kubwa chini ya uangalizi wa karibu, kisha zikaacha ivuje yenyewe. Lakini mumeo hakuanzishiwa njia hiyo, ameshapata degedege, na dirisha la kuweweseka halijafungwa. Mtu aliyepata degedege ndiye wa mwisho kufanyiwa majaribio. Na jambo la mwaka jana lina uzito wake: kila mara mtu anapoacha ghafla bila dawa, ubongo hujifunza kulipuka haraka zaidi mara inayofuata. Mwaka jana ilikuwa kutetemeka, mwaka huu ikawa degedege.

Hofu yake ya uraibu nimesema ina msingi. Diazepamu ikimezwa kila siku kwa wiki nyingi, ubongo huanza kukaza kamba dhidi yake kama ulivyokaza dhidi ya pombe, na kuiacha ghafla hapo kunaleta degedege zilezile. Ndiyo sababu ya pili ya kupunguza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali za kawaida unasema kuanza na hadi miligramu 40 kwa siku, kwa siku 3 hadi 7, na kuanza kushusha mara dalili zinapopungua. Siku tano za mumeo zimo humo. Mwambie mama hivi, kwa heshima: vidonge vina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ni Ijumaa. Akiona mtu anamwongezea mwanawe wiki ya pili na ya tatu kwa sababu "hapati usingizi", hapo apige kelele, nami nitamuunga mkono.

Kuhusu vidonge vya siri, nina kisa. Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya Tabora, miaka mingi imepita. Mgonjwa wetu alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, siku ya tatu, anaendelea vizuri, jioni ametania na kila mtu. Saa kumi alfajiri napita na taa, namwita, kimya. Nambinya bega, anakoroma tu. Nikahesabu pumzi: nane kwa dakika. Tukamlaza ubavu, tukainua taya, tukamweka oksijeni, daktari akaamshwa. Chini ya mto kulikuwa na chupa ya soda, na ndani yake hakikuwa soda. Ndugu yake alimwonea huruma akamletea kidogo cha kumtuliza. Diazepamu peke yake kwa dozi ya wodi ni nadra kuzima pumzi, kwa kuwa inategemea gaba ya mtu mwenyewe na nguvu yake ina kikomo. Pombe juu yake huondoa kikomo hicho. Dawa ya kuifuta diazepamu ipo, lakini ukimpa mlevi wa muda mrefu unaweza kumrudishia degedege papo hapo, basi daktari hana njia ya mkato. Yule bwana aliamka saa nane mchana akauliza uji. Mimi nilikuwa nimezeeka mwaka mmoja kwa usiku ule. Na kosa moja lilikuwa langu: dozi ya saa sita usiku nilimpa kwa kufuata cheti, amesinzia, sikumsemesha kwanza.

Ndiyo maana nataka ujue kwamba ile mara nne, tatu, mbili si kalenda ya kufuata kwa macho yaliyofumbwa. Muuguzi mzuri kabla ya kila dozi anamwangalia mgonjwa. Anamwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimepanuliwa, aone vinatetemeka kiasi gani. Anagusa paji la uso na viganja kama vina jasho. Anahesabu mapigo. Anamuuliza leo ni siku gani, hapa ni wapi, kuna kitu anaona au kusikia, kuna kitu kinamtambaa kwenye ngozi. Kuna kipimo cha vipengele kumi kinachojumlisha mambo hayo hadi alama 67. Alama chache, chini ya 8 au 10, ni hali nyepesi, na zikizidi 15 au 20 ni hali ya kukaa macho. Wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi wawili haitakijaza karatasini kila saa. Hapo macho yako wewe mke wake ni kipimo pia.

Ukiona baada ya kupunguziwa kutetemeka kumerudi, shuka imelowa jasho, moyo unazidi mapigo 100 akiwa amelala tu, usiku kucha anahangaika, au anakuelekeza mtu aliye dirishani nawe humwoni, mwite muuguzi saa hiyohiyo. Dozi imeshuka haraka kuliko ubongo wake. Atarudishwa kwenye dozi ya jana na kushushwa upya, pengine siku saba badala ya tano. Si aibu wala si kushindwa. Ukiona kinyume chake, yaani amesinzia mchana, hajibu mpaka umtikise, maneno yanavutika, mwite vilevile kabla dozi inayofuata haijatolewa. Hiyo inarukwa.

Kuna kuchanganyikiwa kusikofuata njia hizo mbili, na hapa kwetu Kigoma nakuonya kwa msisitizo. Homa kali na kuropoka si lazima iwe arosto. Malaria hufanya hivyohivyo, na mlevi hana kinga dhidi ya mbu. Uliza kama kipimo cha malaria kimefanyika. Uliza na sukari ya damu, maana mnywaji asiyekula sukari yake hushuka akakakamaa vilevile. Na kama usiku ule alipiga kichwa, kisha sasa kinauma kuzidi, anatapika, au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ya pili, usingoje zamu ibadilike. Tena degedege za pombe huja na kupita. Zikijirudia mfululizo, au zikaja baada ya siku hizi, au zikatikisa upande mmoja wa mwili tu, daktari atafute sababu nyingine.

Angalia pia macho yake mchana, karibu na dirisha. Yakiwa ya manjano, au tumbo limejaa maji, mwambie daktari leo. Diazepamu huvunjwa na ini, na ini bovu hugeuza ndoo yetu kuwa na tundu dogo mno: haivuji sehemu tatu, labda moja, na hesabu yote niliyokupigia inaharibika. Wagonjwa hao, pamoja na wazee, hupewa dozi ndogo, au lorazepamu pale inapopatikana, kwa sababu ini lililochoka bado huimudu.

Hakikisha anapewa vitamini B1, yaani thiamini, kwa kawaida miligramu 100 kila siku kwa siku tano. Haipunguzi kutetemeka, kwa hiyo wodi ikizidiwa ndiyo hudondoka kwenye cheti bila mtu kuona. Wanywaji wengi wameishiwa nayo, na wakipewa sukari nyingi kabla yake, ubongo huimaliza kabisa ile kidogo iliyobaki. Dalili ni macho kuchezacheza au kukwama, kupepesuka anapotembea, na kupotewa na kumbukumbu isiyorudi. Basi soda za kumletea mgonjwa zisubiri thiamini. Uji na ugali kwa migebuka vije taratibu.

Kama kuna ndugu atakayesema achomwe ile sindano ya kutuliza wanayochomwa wagonjwa wa akili, jibu ni hapana mpaka daktari aamue mwenyewe. Klopromazini humnyamazisha mtu lakini humshushia kizingiti cha degedege. Jambo hili si la kubuni: mwaka 1969 Wamarekani walichapisha jaribio la wanaume 537 wanaoacha pombe. Waliopewa klodiazepoksaidi, ndugu mkubwa wa diazepamu, walipata degedege na kuweweseka kidogo kuliko waliopewa klopromazini. Tangu hapo familia hii ya dawa ndiyo inayotangulia.

Akiruhusiwa Alhamisi na kidonge cha mwisho au viwili vya kumalizia nyumbani, vikae kwako wewe, si mfukoni mwake, na umpe kwa muda ulioandikwa. Vya shemeji virudishwe dukani au kwa mfamasia. Hata muuzaji hakupaswa kuviuza bila cheti. Ikitokea amekunywa, usimpe kidonge juu ya pombe. Mrudishe hospitali, eleza ukweli, waamue wao. Na usitarajie diazepamu iondoe hamu ya gongo. Kazi yake ni kumvusha siku hizi bila kufa. Hamu ina matibabu yake mengine, uyaulize kliniki ya afya ya akili kabla hamjatoka getini.

Kuhusu ziwa, rudi kwenye ndoo. Jumatatu ijayo ina 15. Jumanne 10, Jumatano 7, Alhamisi 5, Ijumaa kama 4, bila kuhesabu kile kinachotoka kwenye ini, ambacho kinachelewa zaidi. Mtu wa namna hiyo anaweza kutembea sokoni na kucheka, lakini usiku, amesimama ukingoni mwa mtumbwi, taa machoni, wavu mzito, ni usingizi wa dakika moja tu. Na mtu aliyepata degedege majuzi asiingie majini mpaka daktari amwone tena na kumruhusu. Mwambie mwenye mtumbwi atafute mtu mwingine kwa giza hili. Mbalamwezi ikija wote watakuwa wamelala nchi kavu, na mumeo aende kliniki siku hizo, ili giza linalofuata limkute na jibu la daktari mkononi.